Mkono mfupi huvuka, mkono mrefu haubanduki

SWALI

Assalaam aleikum Bi Mshauri. Nina kijana wa miaka tisa, yuko gredi ya nne hapa Malindi. Kusoma saa ya mishale kumemshinda kabisa. Juzi kwenye mtihani wa hisabati palichorwa saa ya 10:20, yeye akaandika 4:50. Baba yake anasema tuache kutaja saa kwa Kiswahili humu nyumbani mpaka ashike ya shule. Likizo hii anakwenda Lamu kwa mama mkwe, naye ameshanipigia simu: "Niletee huyo mtoto, saa nitamfundisha mimi." Naogopa atarudi amechanganyikiwa zaidi. Nimemnunulia saa ya namba ya mkononi, hiyo anaisoma bila taabu, lakini akiona mishale anaduwaa. Nimpeleke au nimzuie?

Mama wa Malindi

JIBU

Waaleikum salaam, mama. Hiyo 4:50 ndiyo iliyonikalisha chini kukujibu, maana haikuandikwa na mtoto asiyejua kitu. Hebu ichore mwenyewe saa ya 10:20. Mkono mfupi umeipita kumi kidogo, mkono mrefu uko kwenye nne. Mwanao aliutazama mkono mfupi, akavuka hadi upande wa pili wa saa, akaikuta nne, kama anavyosikia kwenu kila siku: saa nne. Kwa hesabu ya nyumbani hapo alipatia. Kisha akaufanyia mkono mrefu vilevile: kutoka nne akavuka mpaka kumi, na kumi kwa dakika ni hamsini. Ndiyo 4:50 hiyo. Kanuni anayo kichwani, tena ya kweli, ila ameivusha mpaka wake, na ameitumia kwenye karatasi ambayo haikuitaka. Mtoto huyo si wa kuanzishwa upya. Anataka kuonyeshwa kanuni yake inaishia wapi.

Kwa hiyo mpeleke Lamu. Mama mkwe wako simjui, lakini bibi mmoja wa huko nilimwona kwa macho yangu akilifundisha jambo hilihili, na sijaona mwalimu aliyelipanga vizuri kumshinda.

Ilikuwa likizo ya Agosti, kusi inavuma, nami nasubiri boti ya Faza pale jeti ya Lamu. Msafiri wa Pate na Faza anajua kwamba boti haitoki kwa kujaa abiria tu. Njia ya kupita ni Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa Mkanda haupitiki. Siku hiyo ilikuwa bamvua. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya kwetu huwa yamepwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na huwa yamejaa kabisa kwenye saa kumi alasiri. Nahodha alikuwa amesema tutaondoka saa nane. Sisi tumefika saa nne. Kulikuwa na kusubiri kwelikweli.

Jirani yangu alikaa bibi mmoja wa buibui, na mjukuu wake wa kike kama wa miaka minane. Mtoto aliuliza boti itaondoka saa ngapi, akajibiwa saa nane inshallah. Akauliza sasa ni saa ngapi. Bibi akamwelekeza kwa kidevu kwenye saa ya ukutani iliyokuwa ndani ya duka la soda.

"Itazame mwenyewe, mama."

"Kumi."

"Kumi ya mwalimu wako. Na ya bibi yako je?"

Mtoto kimya. Basi bibi akafungua pakiti ya tende, wakala pamoja, na kila kokwa iliyotoka mdomoni akaipangusa na kuiweka kwenye leso aliyoitandika sakafuni. Zilipotimia kumi na mbili akamwambia mjukuu apange saa. Mtoto akaanza na moja, akafuatisha mbili, tatu, nne, akizunguka, na alipofika tisa duara lilikuwa limeshajifunga. Kokwa tatu zikabaki mkononi. Bibi akazikusanya zote. Akaweka moja juu, akasema hii kumi na mbili. Moja chini kabisa: sita. Moja kulia: tatu. Moja kushoto: tisa. Halafu akamwachia mtoto ajaze mbilimbili katika kila pengo, na duara likakaa sawa. Hilo jambo dogo naomba ulishike, kwa sababu mtoto aliyepanga hizo nne kwanza ameshaiona robo, nusu na kasorobo kabla hajaambiwa majina yake.

Akavunja kijiti cha ufagio, kipande kifupi, akakilaza katikati kichwa kikielekea kumi. Mtoto akauliza mshale mrefu uko wapi. "Huo ukae kwanza. Hatujaupa kazi."

Kwa muda mrefu sana hapakuwa na kingine juu ya leso ila kijiti hicho kimoja, na shule nyingi hapo ndipo zinapoharakisha. Saa yenye mkono mfupi peke yake inasomeka. Kijiti kikigusa kumi, ni kumi kamili. Kikiwa katikati ya kumi na kumi na moja, ni kumi na nusu. Kikiwa kimeikaribia kumi na moja bila kuigusa, bado ni saa ya kumi, imebaki kidogo. Bibi alikuwa akikisogeza na kuuliza, "Kimetoka wapi?" Hakuuliza kinakwenda wapi. Saa ni ya ile kokwa uliyoiacha nyuma, na mtoto akilikosa hilo atakuwa akiongeza saa nzima kila dakika zikizidi thelathini.

Ndipo akaja kwenye kuvuka. Akaweka kidole kwenye kichwa cha kijiti, akakipitisha katikati ya duara moja kwa moja mpaka kokwa ya ng'ambo. "Mwalimu anasoma hapa. Bibi anasoma huku." Kumi, nne. Mtoto akajaribu na nyingine: saba akaikuta moja, nane mbili, tisa tatu, kumi na moja tano, kumi na mbili sita. Akarudi kinyume, kutoka moja akaikuta saba. Akacheka, kwa sababu haikukosea hata mara moja. Haiwezi kukosea: tofauti ya hesabu mbili hizi ni saa sita, na saa sita ni nusu ya duara, kwa hiyo jibu siku zote liko ng'ambo.

"Kwa nini, bibi?"

Wengi wetu hapa tungemjibu "ndivyo ilivyo". Yeye alikirudisha kijiti chini kwenye sita, akasema jua lilipochomoza asubuhi mkono mfupi ulikuwa hapa, na sisi hatujahesabu kitu. Akakisogeza mpaka saba: saa ya kwanza ya mchana imetimia, ndiyo saa moja. Akakisogeza mpaka nane: ya pili imetimia. Mwalimu yeye alianza kuhesabu usiku wa manane, watu wamelala. Mjukuu akaridhika. Na mimi naongeza hapa kwamba maelezo haya yana nguvu kwetu kwa sababu ya mahali tulipo. Lamu iko digrii mbili na kitu kusini mwa ikweta na Malindi iko tatu na kitu, kwa hiyo jua letu halihamihami. Kati ya siku linapowahi kabisa kuchomoza, mwezi wa Novemba, na siku linapochelewa, mwezi wa Februari, tofauti ni kama nusu saa tu. Mtoto anaweza kutoka nje alfajiri yoyote ya mwaka akauona mwanzo wa hesabu ya bibi. Mtoto wa Ulaya hawezi; kwao wakati wa baridi jua linachelewa kwa saa kadhaa.

Hapo bibi akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimpeleka mtoto ukingoni mwa jeti, akamwonyesha ngazi za mawe, zile za chini zenye ukoga, maji yakiwa mbali chini. "Maji yamepwa, na mkono mfupi uko wapi?" Kwenye kumi. "Yakitoka hapo mpaka kujaa huchukua saa sita na dakika chache. Basi yakijaa mkono mfupi utakuwa wapi?" Mtoto akarudi mbio kwenye leso, akapitisha kidole katikati ya duara, akapiga kelele: "Kwenye nne!" Yaani maji nayo yanavuka duara. Siku za bamvua hesabu hiyo inakaa vizuri ajabu: yamepwa mkono mfupi ukiwa kumi, yatajaa ukiwa umepita nne kidogo. Kila siku mbele yanachelewa kwa kama dakika hamsini, ndiyo maana wiki moja baadaye, maji yakiwa mafu, mambo yamegeuka karibu kabisa, asubuhi hiyohiyo yanajaa. Hilo bibi hakulisema siku ile, na alifanya vyema kutolisema.

Alichosema ni kwamba wataangalia ngazi kila mkono mfupi ukifika kwenye namba. Saa tano wakaenda: maji yamesogea kidogo sana, mtoto akanung'unika kwamba kwa mwendo huo tutalala jetini. Saa sita yamepanda, lakini si sana. Ni kati ya saa sita na saa nane ndipo yanapopanda kwa haraka, maana maji huanza polepole, hukaza katikati, hulegea tena mwishoni. Nahodha zetu wanalijua hilo bila kuliandika. Ndiyo maana boti iliwekwa saa nane na haikungoja saa kumi: saa nne baada ya kupwa, kama robo tatu ya maji imeshaingia, Mkanda una kina, na bado yanapanda. Chombo kikikwama maji yakiwa yanajaa, kitanyanyuliwa. Kikikwama yakiwa yanapwa, mtalala humo na mbu wenu.

Baada ya adhana ya adhuhuri, na wote wameshaswali kwa zamu, bibi akatoa kijiti kirefu. Akamwambia huu sasa ndio mkono wa dakika. Kila kokwa ni dakika tano, unaanzia juu. Wakahesabu kwa kidole, tano, kumi, kumi na tano, mpaka sitini. Kisha wakatazama saa ya dukani. Mkono mfupi kati ya kumi na mbili na moja, mrefu kwenye nane. Mtoto akafikiri, midomo inacheza.

"Saa sita na dakika kumi."

Unaona alichofanya? Ni kosa la mwanao, halikupungua wala kuzidi. Mfupi aliuvusha kutoka kumi na mbili hadi sita, sawa. Na mrefu akauvusha pia, kutoka nane hadi mbili, na mbili ni dakika kumi. Bibi hakusema amekosea. Alimuuliza, "Kama ni dakika kumi tu zimepita, mkono mfupi ungekuwa umekwenda mbali?" La, ungekuwa karibu na kumi na mbili. "Na uko wapi?" Mtoto akatazama. Umeshapita katikati, unaielekea moja. "Basi mkono mmojawapo umeusingizia."

Mtoto akautafuta mwenyewe. Saa sita na dakika arobaini. Ndipo bibi akamweleza sababu: dakika hazikuanza na jua. Kila saa mpya zinaanzia juu, za mwalimu zinaanzia juu, za bibi zinaanzia juu. Tumegombana juu ya saa, dakika ni zetu sote. Kwa hiyo mkono mfupi ndio unaovuka, mrefu haubanduki.

Kulikuwa na kosa moja jingine, na lilizua kilio. Karibu na kuondoka mtoto alichungulia dukani, mfupi umeikaribia mbili, mrefu kwenye tisa, akarudi macho yamemtoka: "Bibi, ni saa nane na dakika arobaini na tano, boti imetuacha!" Boti yenyewe iko mbele yake, imefungwa kamba, mtu anapakia magunia ya unga. Bibi akauliza lile swali la mwanzo: kimetoka wapi? Kimetoka moja, hakijafika mbili. Moja ukivuka ni saba. Saa saba na dakika arobaini na tano, ambayo sisi kwa mdomo tunaisema saa nane kasorobo. Mtoto anaisikia "nane", anaona mkono umekaa karibu na mbili, anaona arobaini na tano, anazijumlisha zote na kupata saa nzima ya ziada. Kwa hiyo kasorobo ifundishwe mwisho, na ifundishwe kama maneno ya mdomoni: unataja saa inayokuja na unasema kilichopungua. Bibi alimfanya aseme zote mbili, kwanza ile ndefu, kisha ile ya mkato. Tuliondoka saa nane na dakika kumi, na aliyetutangazia abiria wote dakika hizo ni yeye.

Sasa tuje kwako na baba yake.

Mzee wa nyumba ana nia njema, lakini kuacha saa za Kiswahili hakutamsaidia mtoto. Hisabati yake wanasoma kwa Kiingereza, na humo 10:20 ni kumi. Somo la Kiswahili wanasoma kwa Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili akimchorea saa hiyohiyo anataka saa nne na dakika ishirini. Mtihani wa kwanza ataupata, wa pili ataukosa. Isitoshe, jirani, dukani, kwenye tuktuk, kila mtu anataja saa nne. Huwezi kumziba masikio mji mzima. Wekeni mpaka ulio wazi zaidi: tarakimu huandikwa kama saa inavyoonyesha, maneno husemwa kwa hesabu yetu. Ukimwandikia mtoto karatasi jikoni, andika 4:00 kisha msomee "saa kumi". Usimwandikie 10:00 ukimaanisha saa kumi alasiri. Sisi watu wazima tunafanya hivyo kila mara, ndiyo maana mtu anapewa kadi ya kliniki iliyoandikwa 9:00 anakwenda saa tisa alasiri na kukuta wamefunga.

Saa ya namba uliyomnunulia si mbaya, ila haimfundishi kitu katika hili. Inampa jibu bila kumwonyesha limetoka wapi. Haina mkono mfupi unaosogea polepole, kwa hiyo haina pa kujikagulia. Na mbinu ya kuvuka haifanyi kazi kwenye namba tupu. Huko ni kutoa sita au kujumlisha sita kichwani, na kwa mtoto ambaye hajaishika duara hiyo ni hesabu nyingine ngeni juu ya ile iliyomshinda. Iwekeni kabatini mpaka likizo iishe.

Angalia pia saa za kadibodi wanazotengeneza shuleni. Mikono yake haijaunganishwa. Mtoto anaambiwa aonyeshe kumi na nusu, anaupeleka mrefu kwenye sita na kuuacha mfupi umenata kwenye kumi, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi anaweka alama ya vema. Mtoto huyo amefundishwa kwamba mkono mfupi unaruka. Akikutana na saa ya kweli ambapo mfupi uko katikati ya namba mbili, anachagua moja kwa kubahatisha. Dawa yake ni saa kuukuu ya ukutani, hata kama betri imekufa, mradi ina kile kitufe cha kuzungusha nyuma. Ukikizungusha mikono yote miwili inakwenda pamoja kama inavyotakiwa. Toa betri, mpe aizungushe kutoka kumi mpaka kumi na moja polepole, macho yakiwa kwenye mkono mfupi tu. Fundi yeyote wa saa sokoni atakuwa na moja ya kukuuzia kwa bei ndogo.

Na kabla hajapanda basi, muulize mama mkwe saa yake ya ukutani imewekwaje. Kuna nyumba za wazee ambako saa imerudishwa nyuma saa sita makusudi, ili saa moja asubuhi mkono mfupi uelekee moja. Wamezoea, na kwao inasomeka bila kuvuka. Lakini mtoto akifundishwa kuvuka kwenye saa ambayo imeshavushwa, hapo ndipo atarudi kwako hajui mbele wala nyuma. Kama ndivyo, mwombe kwa heshima aiweke kama ya redio kwa hizo wiki za likizo, au watumie ya dukani au ya msikitini baada ya kuhakikisha inakwenda na ya simu.

Mwambie pia asimfundishe vyote kwa kikao kimoja cha sebuleni. Nilichokiona pale jetini kilifaulu kwa sababu kulikuwa na kitu kinachosubiriwa kweli, na mapumziko marefu katikati. Si lazima boti. Mkate wa mofa unaosubiriwa kuiva, nguo inayokauka, baba anayerudi kutoka baharini, vyote vinafaa ikiwa mtoto mwenyewe ana hamu navyo na mkono mfupi unapata nafasi ya kusogea mbele ya macho yake. Jambo la dakika tano halifai kuanzia. Mkono mfupi hausogei kiasi cha kuonekana.

Utajuaje ameshika? Usimuulize saa ngapi, maana anaweza kubahatisha au kuchungulia simu yako. Mtajie saa kwa Kiswahili, tuseme saa mbili na dakika hamsini asubuhi, na umpe ile saa ya kuzungusha aionyeshe. Akipeleka mrefu kwenye kumi na mfupi ukawa umeikaribia tisa, ameshika yote matatu: amevusha mfupi, hakuvusha mrefu, na ameelewa kwamba saa ya tatu inakaribia kutimia. Mfupi ukiwa karibu na nane, bado anaamini mkono unaruka. Mrefu ukiwa kwenye nne, bado anavusha yote miwili, na hapo muulize swali la bibi: ungekuwa wapi, na uko wapi?

Akiweza hayo, mrudishie saa yake ya namba, na hapo sasa mfundishe ya simu. Ikiandika 14:00, toa sita, ni saa nane mchana. Hiyo inakwenda mpaka 18:00. Kuanzia 19:00 toa kumi na nane, upate saa moja usiku. Baada ya usiku wa manane jumlisha sita: 1:00 ni saa saba usiku. Hapo mtahadharishe jambo moja, hasa kama mna safari ya basi la usiku. Kwenye simu na kwenye tiketi siku mpya inaanza usiku wa manane, na kwetu usiku huenda na siku inayofuata, kwa hiyo bibi yake akisema usiku wa Ijumaa anakusudia ule unaoanza magharibi ya Alhamisi. Tiketi ya Ijumaa 1:00 maana yake mfike stendi Alhamisi usiku baada ya isha, msubiri hapo.